Ukurasa wa oda za jumla unakataa 36 na kukubali 30, ilhali katoni ina vipande 12. Kosa liko wapi?

#1 Mwekaoda

Wadau, habari za kazi. Ninasimamia uingizaji wa oda za wanunuzi wa jumla, na kuna jambo linaloninyima usingizi. Tuna bidhaa ambayo haiuzwi chini ya vipande 30 kwa oda moja, na haiuzwi kwa kufungua katoni, kwa maana kwamba kila oda lazima iwe ya katoni kamili za vipande 12. Masharti haya mawili tuliyaweka kwenye sehemu ya kujazia idadi kama hivi:

```
<input type="number" min="30" step="12" value="30">
```

Mwezi huu ghala limenirudishia oda saba za bidhaa hii kwa sababu haziwezi kutolewa kwa katoni kamili. Oda ya 30, kwa mfano, ni katoni mbili na vipande sita. Lililonishangaza zaidi ni simu ya mnunuzi wetu wa siku nyingi, aliyesema kwamba aliandika 36, yaani katoni tatu barabara, na ukurasa ukamkatalia na kumwambia achague kati ya 30 na 42. Meneja wa mauzo anasema wanunuzi hawasomi maelekezo. Mimi nadhani kivinjari kina hitilafu. Nani yuko sahihi?

#2 Tarakimu

Si wanunuzi na wala si kivinjari. Kivinjari kinafanya kile hasa ulichokiagiza, ila umekiagiza kitu kingine na ulichokikusudia.

Wengi hudhani kwamba `step="12"` maana yake ni "kubali vigawe vya 12 tu". Sivyo. Maana yake ni "hesabu kwa hatua za 12 kuanzia mahali pa kuanzia", na mahali pa kuanzia, `min` ikiwapo, ni hiyo `min` yenyewe. Kwako hesabu inaanza 30, kisha 42, 54, 66, 78 na kuendelea. Chukua yoyote kati ya hizo uigawe kwa 12 na utabakiwa na 6 kila mara. Kwa hiyo ukurasa wako haukubali hata oda moja iliyo halali, kwa kuwa kila idadi unayoipitisha ina nusu katoni ndani yake, na kila idadi ya katoni kamili inakataliwa. Yule aliyeandika 36 alikuwa sahihi kuliko mfumo wenu.

Alama ya kutambua kosa hili ni hiyo hiyo uliyoitaja: ujumbe unaopendekeza namba mbili za jirani, na zote mbili hazigawanyiki kwa ukubwa wa katoni.

#3 Kijanawakodi

Asante Tarakimu kwa ufafanuzi. Suluhisho basi ni rahisi: ondoa `min`, acha `step="12"` peke yake, kisha hesabu itaanzia sifuri na utapata 12, 24, 36. Kiwango cha chini kikague baadaye, mnunuzi anapothibitisha oda. Nimewahi kufanya hivyo na tatizo likaisha.

#4 Tarakimu

Ndugu Kijanawakodi, kwako liliisha kwa sababu sehemu yako ya kujazia ilikuwa tupu. Tazama tena mstari wa Mwekaoda: una `value="30"`. Pale ambapo `min` haipo, kivinjari huchukua thamani iliyoandikwa humo kuwa mahali pa kuanzia, na ni pale tu inapokosekana hiyo nayo ndipo hesabu inapoanzia sifuri. Akiondoa `min` na kuiacha `value` ilivyo, 36 itaendelea kukataliwa, tena sasa atakuwa amefungua mlango mwingine upande wa chini, kwa kuwa 6 na 18 zitapita.

Njia iliyo salama ni kukipandisha kiwango cha chini hadi kwenye kigawe cha kwanza kinachokitosheleza, kabla ya kukiweka kwenye ukurasa:

```
msingi = ceil(30 / 12) * 12             # 36
halali = idadi >= msingi and idadi % 12 == 0
```

Kisha `min` na `value` zote ziwe 36. Mstari wa pili uwe kwenye seva, si kwenye kivinjari peke yake. Hilo la seva nalisisitiza, kwa sababu ukurasa ni wa kumsaidia mnunuzi asikosee, lakini hauzuii kitu ambacho hakikupitia kwake.

#5 Kijanawakodi

Nimekubali, mkuu. Nimekwenda kujaribu sasa hivi na ni kama ulivyosema kuhusu `value`. Miaka yote nimeamini kwamba ni ya kujaza tu.

#6 Bimauzo

Mimi niko upande wa mauzo, na ninaomba msiibadilishe 30 kuwa 36 kimyakimya. Kiwango cha chini si namba ya kiufundi. Mara nyingi kimetokana na hesabu ya gharama ya kuandaa oda moja, au kimewekwa ndani ya mkataba wa mnunuzi. Mtu aliyesaini 30 akifungua ukurasa na kukuta 36, ataona kwamba tumempandishia masharti bila kumwarifu.

#7 Tarakimu

Bimauzo, kihesabu hakuna kilichopanda. Mtu asiyeweza kununua chini ya 30 na asiyeweza kununua nusu katoni alikuwa analazimika kununua 36 tangu siku ya kwanza. Hakuna katoni kamili kati ya 24 na 36.

#8 Bimauzo

Kihesabu nakubali. Mbele ya mnunuzi ni jambo jingine. Sisi tulikuwa na mkataba uliosema 100 na katoni ya 24. Kwa hesabu yako mnunuzi alipaswa kuchukua 120, yaani katoni tano. Yeye alisema makubaliano ni 100, na 96 iko karibu na 100 kuliko 120, hivyo apewe katoni nne. Tulimpa. Mfumo uliokuwa ukipandisha juu kila mara usingeturuhusu kufanya hivyo bila kumtafuta mtu wa kuuzunguka. Kwa hiyo ninachosema ni kwamba mwenye mkataba ndiye aamue kama 30 ishuke kuwa 24 au ipande kuwa 36, na uamuzi huo uandikwe kwenye kumbukumbu za bidhaa, usiachwe kwa fomula ya mwandika msimbo.

#9 Tarakimu

Hapo umenishika. Fomula yangu inaichukulia 30 kuwa ukuta. Kama ni makadirio, basi 24 inaweza kuwa jibu lililo sahihi, na bora zaidi ni mfumo ukatae kuhifadhi bidhaa yenye kiwango cha chini kisicho kigawe cha katoni, ili ubishi huu umalizike siku bidhaa inapoandikishwa badala ya siku oda inapoingia.

#10 Mzeewasafari

Salaam. Hapa kwetu kiwango cha chini tunakihesabu kwa thamani ya oda nzima. Mnunuzi achanganye bidhaa anavyotaka mradi jumla ifike. Haya mambo ya vigawe hayatusumbui. Kwa nini Mwekaoda asifanye hivyo?

#11 Mwekaoda

Mzee wangu, shikamoo. Kiwango cha thamani ya oda tunacho pia, na hakina shida. Ninachouliza ni kuhusu mstari mmoja wa bidhaa moja. Hata oda ikiwa kubwa namna gani, mtu wa ghala hawezi kutoa nusu katoni, kwa kuwa bei ya jumla imejengwa juu ya katoni ambayo haifunguliwi.

#12 Mzeewasafari

Marahaba. Nimekuelewa sasa, nilisoma kwa haraka. Basi ongezeni hili: kiwango cha oda nzima kikaguliwe tena mnunuzi anapopunguza mstari mmoja baada ya kuthibitisha. Kwetu watu waliweka oda kubwa, wakapata ruhusa, kisha wakafuta mistari mmoja mmoja hadi ikabaki ile waliyoitaka.

#13 Stoonamba7

Mimi ni mtu wa ghala. Mwekaoda, umesema oda saba zimerudishwa, lakini umetutajia ya 30 tu. Tafadhali andika zote saba. Nina sababu ya kuuliza.

#14 Mwekaoda

Nimezifungua zote. Nne ni za 30, moja ni ya 42, moja ni ya 40 na moja ni ya 20.

#15 Stoonamba7

Nilihisi. Maelezo ya Tarakimu yanatosha kwa tano za kwanza. Hayatoshi kwa 40 wala 20. Sehemu yenye kuanzia 30 na hatua za 12 haiwezi kutoa 40, na haiwezi kutoa 20 kabisa, kwa sababu iko chini ya 30. Oda hizo mbili hazikuandikwa kwenye ukurasa huo, au ziliandikwa na ukaguzi haukufanya kazi. Kurekebisha `min` peke yake hakutazizuia, na mwezi ujao utarudi hapa ukisema tatizo halijaisha.

Swali langu la pili: bidhaa hiyo imewahi kuwa na katoni ya ukubwa mwingine? 40 na 20 zinanukia katoni ya vipande 20.

#16 Mwekaoda

Nimeshtuka, kwa sababu ni kweli. Kabla ya kifungashio cha sasa katoni ilikuwa ya 20. Tulibadilisha ukubwa kwenye kumbukumbu ile ile ya bidhaa, tukafuta 20 na kuandika 12.

#17 Stoonamba7

Basi nina dhana yangu. Wanunuzi wa jumla hawaandiki oda upya kila mara. Wanabonyeza kitufe cha kurudia oda iliyopita. Kitufe hicho kinanakili mistari ya zamani pamoja na idadi zake na kuipeleka kikapuni bila kupita kwenye sehemu ya kujazia. Aliyenunua katoni mbili za zamani anapata 40, na 40 kwa katoni ya sasa ni katoni tatu na vipande vinne.

#18 Kijanawakodi

Mimi nina maelezo mengine, na safari hii nimejaribu kabla ya kuandika. Kama ukurasa unatuma fomu kwa msimbo unaoita `form.submit()`, kivinjari hakikagui `min` wala `step`. Kinatuma chochote kilichoandikwa. Ukaguzi hufanyika mtu anapobonyeza kitufe cha kawaida cha kutuma, au msimbo unapotumia `form.requestSubmit()`. Kurasa nyingi zina kitufe cha pembeni cha "hifadhi na uendelee" kilichounganishwa kwa njia ya kwanza. Mtu aliyezoea kuagiza 40 angeiandika na ingepita.

#19 Bimauzo

Nami nina la tatu, la kibinadamu. Oda za simu. Mnunuzi anapiga, anasema "nipe kama kawaida", na karani anaingiza 40 kwa upande wa ofisini ambako karani ana ruhusa ya kupita masharti. Karani hana nia mbaya, anamhudumia mtu anayemfahamu.

#20 Stoonamba7

Zote mbili zinawezekana kwa 40. Kwa 20 zinanitatiza, kwa sababu hata enzi za katoni ya zamani, kama kiwango cha chini kilikuwa 30, hakuna ambaye angekuwa na kawaida ya kuagiza 20. Ile 20 naona inaweza kuwa salio. Tuseme mnunuzi aliagiza 60 wakati wa katoni za 20, ghala likatoa 40, na zile 20 zikabaki zikisubiri mzigo. Mzigo umekuja katika katoni mpya, na salio la 20 limeibuka kama oda inayojitegemea. Mwekaoda, angalia kama namba ya oda hiyo imeunganishwa na oda mama.

#21 Mwekaoda

Nitaangalia. Wakati huo huo nikiri kwamba tulipanga hatua nyingine na sasa nina mashaka nayo. Fundi wetu alipendekeza seva isikatae chochote, bali ipandishe yenyewe hadi katoni inayofuata. Mtu akiandika 40, mfumo uandike 48, na kazi iendelee.

#22 Jumlakwajumla

Msifanye hivyo kimya. Mimi ni mnunuzi, si muuzaji, na nimekuwa nikisoma tangu mwanzo. Msambazaji wangu mmoja alikuwa na mfumo wa namna hiyo. Niliandika 5, nikikusudia katoni tano, kwa sababu kwa msambazaji mwingine tunaandika katoni. Mfumo ulisoma vipande vitano, ukaona ni chini ya kiwango, ukapandisha hadi kiwango cha chini ambacho kilikuwa 36, na haukunionyesha neno lolote. Nilitarajia vipande 60, nikapokea 36, na dirisha la kuagiza la wiki hiyo lilikuwa limeshafungwa. Kama mfumo ungenikatalia ile 5, ningegundua hapo hapo kwamba nimekosea kipimo. Kukataliwa kungenisaidia kuliko kuhudumiwa.

#23 Tarakimu

Ushuhuda huu una uzito, na unaonyesha kwa nini kupandisha kimya ni hatari kuliko kunavyoonekana: kunageuza kosa la kipimo kuwa oda iliyo halali. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Kwenye mfumo unaohesabu katoni, mtu akiandika 48 akifikiria vipande, ataletewa vipande 576, na ukaguzi wa vigawe hautalalamika hata kidogo, kwa sababu ni katoni 48 kamili.

Nikiulizwa, ningesema mfumo upendekeze bila kuamua: "Uliandika 40. Katoni ina vipande 12. Chagua 36, katoni 3, au 48, katoni 4." Mnunuzi abonyeze mwenyewe.

#24 Kijanawakodi

Kwa nini basi tusiuondoe mgogoro wote kwa kumfanya mnunuzi aandike katoni? `min` iwe 3, `step` iwe 1, na pembeni ukurasa uonyeshe "vipande 36" papo hapo. Hakuna tena kigawe cha kukosea.

#25 Jumlakwajumla

Kwa anayeandika kwa mkono ningefurahi. Lakini mimi oda zangu nyingi natuma kwa faili ya CSV inayotoka kwenye mfumo wangu wa manunuzi, na mfumo wangu unahesabu vipande, kwa sababu ninauza kwa vipande. Msiponipa safu ya kipimo kwenye faili, mtasoma 36 yangu kama katoni 36.

#26 Stoonamba7

Safu ya kipimo ni lazima, na nyongeza yangu ni msimbopau. Kipande na katoni visitumie namba moja. Chini ya kanuni za GS1 katoni hupewa GTIN yake, na idadi iliyomo ikibadilika, katoni hiyo hupewa GTIN mpya. Mwekaoda, mngefanya hivyo mlipotoka 20 kwenda 12, badala ya kufuta namba moja na kuandika nyingine, oda ya zamani iliyorudiwa ingegonga katoni isiyouzwa tena na ingesimama yenyewe. Mlipoandika juu ya kumbukumbu ile ile, mlifuta ushahidi. Ndiyo maana sasa tunakisia.

#27 Mwekaoda

Nimelipokea bila kujitetea. Nadhani pia kila mstari wa oda ungehifadhi ukubwa wa katoni uliokuwepo siku oda ilipoingia, tusingekisia.

#28 Bimauzo

Kabla hamjafunga hesabu, mtazame na ngazi za punguzo. Tulikuwa na punguzo linaloanzia 50 kwenye bidhaa ya katoni 12. Hakuna anayeweza kununua 50. Aliyenunua 48 alilalamika amekosa punguzo kwa vipande viwili ambavyo hakuruhusiwa kuviongeza. Tuliishusha hadi 48, na malalamiko yakakoma.

#29 Stoonamba7

Na akiba. Kama ghalani kuna vipande 30, yaani katoni mbili na sita vilivyobaki baada ya katoni kuharibika, ukurasa usiandike "zipo 30". Kinachouzika ni 24, na kwa kuwa 24 ni chini ya 36, hakiuziki kabisa. Nimewahi kuona mnunuzi akijaribu kila namba hadi akakata tamaa, kwa sababu ukurasa ulimwambia bidhaa ipo na wakati huo huo ukakataa kila alichoandika. Hapo muamue mapema: ama iandikwe kwamba imekwisha, ama salio la mwisho liruhusiwe kwenda chini ya kiwango.

#30 Mwekaoda

Ninaleta mrejesho. Bimauzo, wenye mkataba wameamua iwe 36, na wanunuzi wameandikiwa. `min` na `value` zimebadilishwa, seva inakagua kila oda bila kujali ilikotoka, na inapendekeza namba mbili bila kupandisha yenyewe. Oda ya 40 imepatikana: ilitoka kwenye kitufe cha kurudia oda, kama alivyodhani Stoonamba7. Lakini Kijanawakodi naye hakukosea, maana tumekuta kitufe kimoja cha pembeni kinachotumia `form.submit()`, ingawa hatuna oda tunayoweza kuihusisha nacho.

Ile ya 20 haina oda mama. Haikutoka kwenye faili, na karani hakuigusa kwa mujibu wa kumbukumbu.

#31 Stoonamba7

Iliingia tarehe gani ukilinganisha na siku mliyobadilisha katoni? Kikapu kinaweza kukaa wazi wiki nyingi kikiwa na mistari iliyokaguliwa kwa masharti ya zamani, na mnunuzi akaja kukithibitisha baadaye.

#32 Mwekaoda

Oda iliingia siku tisa baada ya mabadiliko. Siku ambayo kikapu kilifunguliwa haihifadhiwi kwenye mfumo wetu. Nimemwomba fundi aanze kuihifadhi, na nimemwandikia mnunuzi kumuuliza. Akijibu nitaandika hapa.

#33 Bimauzo

Muulize pia kiwango cha chini kilikuwa kiasi gani alipoijaza. Sina hakika kwamba enzi za katoni ya 20 kilikuwa 30.